Tarehe Yenye Ndimi Mbili

Kila bidhaa mbovu inapokamatwa sokoni, wakubwa wetu huwa na kauli moja iliyo tayari mdomoni: mwananchi, soma lebo kabla ya kununua. Kauli hiyo imevaa sura ya elimu kwa umma. Mimi naiona kuwa njia ya kumtwisha mnunuzi mzigo usio wake, kwa sababu mtu hawezi kulaumiwa kwa kutosoma maandishi ambayo, hata yakisomwa kwa uangalifu wote, yanatoa majibu mawili. Nazungumzia tarehe zinazopigwa kwa wino kwenye kitako cha kopo na shingo ya chupa: 05/11/25, 03/04/26, 26/05/27. Hoja yangu ni fupi. Tarehe ya namba tupu, isiyoonesha siku ni ipi, mwezi ni upi na mwaka ni upi, haipaswi kuruhusiwa kwenye rafu za maduka yetu. Na mpaka itakapokatazwa, hakuna mwenye haki ya kumhukumu muuza duka kwa picha ya tarehe hiyo peke yake.

Tuanze na hesabu, maana wapo watakaosema kwamba nakuza jambo dogo. Mkanganyiko wa siku na mwezi hutokea pale namba zote mbili zinapokuwa 12 au pungufu. Kila mwezi una siku 12 za namna hiyo, na miezi ni 12, kwa hiyo tunapata tarehe 144. Tuondoe zile 12 ambazo siku na mwezi hulingana, kama 01/01 na 07/07, ambazo zikisomwa vyovyote hazibadiliki. Zinabaki tarehe 132. Katika mwaka wa siku 365, hiyo ni zaidi ya theluthi moja. Mnunuzi anayechukua kopo bila kujua lilipigwa chapa kwa mpangilio upi ana hatari ya namna hiyo: zaidi ya siku moja kati ya kila tatu katika kalenda zina ndimi mbili.

Hapa kwetu tumezoea kuanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Marekani huanza na mwezi. Uchina huanza na mwaka, na bidhaa nyingi za Afrika Kusini nazo hutanguliza mwaka. Mizigo ya nchi zote hizo inakutana kwenye rafu moja ya duka moja, Kariakoo au Mbagala, na hakuna anayemwambia mnunuzi kwamba kopo la kushoto linasomwa kutoka siku na la kulia linasomwa kutoka mwaka. Kwa miaka hii tuliyomo tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa tarakimu mbili za mwisho za mwaka bado zinaweza kudhaniwa kuwa siku, na zitaendelea kudhaniwa hivyo hadi mwaka 2031. Itazame 26/05/27. Kwa anayeanza na siku, ni tarehe 26 Mei 2027. Kwa anayeanza na mwaka, ni tarehe 27 Mei 2026. Kati ya masomo hayo mawili kuna takriban mwaka mzima, na katika mwaka huo mtu anaweza kula kitu kilichokwisha muda wake huku akiamini kwamba ametii kauli ya wakubwa.

Sasa nieleze shauri moja nililolifuatilia mwenyewe. Mwezi Julai 2025 picha ya kitako cha kopo la maharage ilisambaa katika makundi ya Watsapu ya mtaa mmoja, ikiwa na maneno makali: duka fulani linauza sumu, chakula kimekwisha muda tangu Mei. Wateja walimzomea mwenye duka, na afisa aliyefika aliagiza makopo yote ya aina hiyo yaondolewe na kuwekwa kando yakisubiri kuteketezwa. Baadhi ya wanafunzi wangu walikuwa miongoni mwa waliosambaza picha hiyo, na kwa uungwana wao waliniletea niitazame. Kwenye picha ilisomeka hivi:

```
L2309 B 14:36
BB 05/11/25
```

Walioshutumu walisoma mstari wa pili kwa kuanza na mwezi: mwezi wa 5, tarehe 11, mwaka 2025. Walikuwa na sababu. Namba zilizo chini ya msimbo wa mistari ubavuni mwa kopo zilianza na 0, na mmoja wao alikuwa amesoma mahali kwamba 0 ni alama ya Marekani. Kosa hili limeenea sana. Tarakimu za mwanzo za msimbo huo huonesha ni nchi gani iliyotoa namba kwa kampuni yenye chapa. Hazioneshi kiwanda kiko wapi, wala mashine ya kiwanda imepangwa kuandika tarehe kwa mtindo upi. Ndiyo maana namba inayoanza na 620, ambayo hutolewa Tanzania, inaweza kubandikwa kwenye bidhaa iliyofungashwa ng'ambo, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Ushahidi ulikuwa katika mstari wa kwanza, ambao hakuna aliyeujali. Herufi L ni desturi iliyowekwa na sheria ya Ulaya: hutangulia namba ya toleo pale ambapo namba hiyo inaweza kuchanganywa na maandishi mengine. Toleo ni fungu la bidhaa zilizotengenezwa au kufungashwa pamoja katika mazingira yaleyale. Viwanda vingi hutunga namba ya toleo kutokana na tarehe ya uzalishaji, lakini badala ya kuandika siku na mwezi huandika siku ya mwaka, kuanzia 001, ambayo ni Januari mosi, hadi 365, au 366 katika mwaka mrefu. Kwa utaratibu huo, L2309 husomeka kama mwaka unaoishia na 2, siku ya 309. Herufi B yaelekea ni njia ya uzalishaji au zamu ya wafanyakazi. Namba 14:36 ina sura ya saa, yaani saa nane na dakika 36 mchana kwa hesabu yetu.

Siku ya 309 ni ipi? Mwishoni mwa Oktoba, katika mwaka wa kawaida, siku 304 zimekwisha kupita. Ongeza tano, unapata tarehe 5 Novemba. Kwa hiyo toleo hili lilifungashwa tarehe 5 Novemba 2022. Sasa rudi kwenye mstari wa pili. Ukiusoma kwa kuanza na siku, muda wa ubora unakwisha tarehe 5 Novemba 2025: miaka mitatu kamili, bila siku kuzidi wala kupungua. Ukiusoma kwa kuanza na mwezi, unakwisha tarehe 11 Mei 2025: miaka miwili, miezi sita na siku sita. Viwanda hupanga muda wa bidhaa kwa miezi au miaka kamili. Siku sita zinazoning'inia ni dalili kwamba msomaji amepotea njia. Na kama kopo lingekuwa limefungashwa tarehe 11 Mei, namba ya toleo ingebeba 131 na si 309.

Niliwataka wanafunzi hao warudi dukani wakalisome kopo lenyewe. Ubavuni, kwa herufi ndogo ambazo picha haikuzinasa, iliandikwa kwamba maharage yalifungashwa Italia, nchi inayoanza na siku kama sisi. Hapo ushahidi wa aina tatu ulikuwa umekubaliana: siku ya mwaka katika namba ya toleo, muda uliotimia kwa miaka kamili, na desturi ya nchi ya asili. Bidhaa ilikuwa na karibu miezi minne mbele yake. Makopo yalirudi rafuni, ila wateja waliokwisha kuhamia duka la jirani hawakurudi wote. Niongeze kwamba BB ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya bora kabla ya, yaani mtengenezaji anadhamini ladha na ubora mpaka siku hiyo. Si tangazo kwamba siku inayofuata chakula kinageuka sumu. Neno sumu lingekuwa la uongo hata kama tarehe ingekuwa imepita kweli.

Nisieleweke kwamba nimewapa wasomaji ufunguo wa kila kufuli. Namba ya toleo ni lugha ya ndani ya kiwanda, na kila kiwanda kina yake. Vipo vinavyoanza na siku na kumalizia na mwaka, vipo vinavyotumia herufi badala ya mwezi, na vipo vinavyotumia namba za mfululizo zisizo na tarehe ndani yake. Mfano mmoja unatosha kutufundisha adabu. Aprili 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Nijeria, NAFDAC, ilitangaza kuondolewa sokoni kwa dawa ya maji ya kikohozi ya watoto, toleo namba 329304, baada ya vipimo vyake kuonesha kiwango kikubwa cha diethilini glaikoli, kemikali inayoweza kumuua mtoto. Kenya na Tanzania nazo zilichukua hatua ya kuliondoa toleo hilo. Anayeshangilia ujuzi wa siku za mwaka angeitazama 329304 na kusema kwa fahari: 3, kisha 293, basi dawa ilitengenezwa siku ya 293 ya mwaka 2023, yaani tarehe 20 Oktoba. Ukweli ni kwamba toleo lile lilitengenezwa Mei 2021. Namba haikuwa tarehe hata kidogo.

Kwa hiyo kanuni ni hii: namba ya toleo isitumiwe kuzua tarehe, itumiwe kupima tarehe iliyokwisha kuandikwa. Ikikubaliana na mojawapo ya masomo mawili, na muda unaopatikana ukawa kamili, una sababu nzuri ya kuliamini somo hilo. Isipokubaliana na lolote, sema kwamba hujui, na mwulize mwagizaji au mtengenezaji. Hata makubaliano yenyewe yanataka uangalifu. Katika mwaka mrefu kama 2024, siku ya 309 huangukia tarehe 4 Novemba na si 5; atumiaye jedwali la mwaka wa kawaida atakosa kwa siku moja na kudhani namba zimegombana.

Mfano wa dawa ile una somo jingine, nalo linawahusu wanaharakati moja kwa moja. Tangazo la kuondoa bidhaa sokoni halitaji tu jina la dawa, linataja toleo. Mzazi mwenye chupa ya dawa hiyohiyo ya toleo jingine hakuwa ametajwa, na mwenye toleo lenyewe hakuokolewa na tarehe iliyoandikwa kwenye chupa yake. Hata hivyo picha nyingi zinazosambazwa nyakati kama hizo huonesha uso wa chupa wenye jina na rangi za kupendeza, huku mstari wa toleo ukiwa nyuma usipoonekana. Picha ya namna hiyo inaeneza hofu kwa walio salama, na haimpi aliye hatarini namna ya kujitambua.

Anayetaka picha yake iwe ushahidi na apige picha mbili. Ya kwanza ioneshe mistari yote iliyopigwa chapa, tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sababu vifupisho vinavyotangulia ndivyo vinavyotofautisha tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kwisha. Ukikata MFG au EXP pembezoni, umelikata jibu. Ya pili ioneshe ubavu wenye nchi ya asili na jina la mwagizaji. Taa ya simu isipigwe moja kwa moja kwenye bati, maana mng'ao hufuta nukta. Na ni nukta kweli: mashine nyingi za viwandani hurusha matone ya wino, na tone moja likikosekana, 8 hugeuka 3 au 6, na 7 hujifanya 1. Pale unaposita, linganisha na tarakimu ileile mahali pengine kwenye mstari uleule. Katika kopo letu la maharage, 5 ya kwanza katika 05 ingeweza kupimwa kwa 5 ya mwisho katika 25, kwa sababu mashine ileile huchora tarakimu kwa umbo lilelile.

Ulinganisho huohuo hufichua ulaghai, ambao nao upo. Wino wa tarehe hufutika kwa spiriti, na mhuri wa bei nafuu hupiga tarehe mpya. Lakini mlaghai hushughulika na tarehe na kuisahau namba ya toleo. Ukiona mstari wa tarehe una umbo la tarakimu, nafasi au rangi ya wino tofauti na mstari wa toleo, au ukiona kivuli cha maandishi ya zamani chini ya mapya, au stika iliyobandikwa juu ya chapa ya kiwanda, hapo una jambo la kuripoti. Kushuku kwa ushahidi wa namna hiyo ni kazi ya kiraia. Kushuku kwa sababu tu hukujua mwezi uko upande gani ni uonevu.

Naona kalamu za wapinzani zimekwisha kuchovywa wino. Wa kwanza atasema: nchini kwetu kila mtu anajua kwamba siku hutangulia. Ndiyo, tunajua sisi. Mashine iliyoko Guangzhou haijui, na mazoea ya msomaji hayawezi kumlazimisha mwandishi aliye ng'ambo. Wa pili atalia juu ya gharama. Mashine inayorusha wino huandika chochote ilichopangiwa. Kubadili 11 kuwa NOV ni kazi ya mipangilio, na haihitaji mashine mpya. Wa tatu ana hoja yenye uzito kidogo: herufi nazo zina lugha. Ni kweli. Mzigo unaotoka kwa wanaotumia Kifaransa unaweza kuandikwa JUI, na JUI inaweza kuwa Juni au Julai. Hata hivyo, tofauti ni kubwa. Herufi usizozifahamu hukusimamisha uulize. Namba unazodhani kuwa unazifahamu hukupitisha ukiwa na uhakika wa uongo.

Wala tusidanganywe kwamba jambo hili liko mikononi mwa mataifa makubwa. Kanuni ya jumla ya lebo ya Kodeksi Alimentarius, CXS 1-1985, iliyorekebishwa mwaka 2018, inaruhusu mwezi kuandikwa kwa herufi au kwa namba. Pale tarehe inapoandikwa kwa namba tupu, au mwaka unapofupishwa kuwa tarakimu mbili, kanuni hiyo inaiachia mamlaka ya nchi iamue kama italazimisha mpangilio wa siku, mwezi na mwaka uoneshwe kwa vifupisho kando ya tarehe. Mlango uko wazi, basi. Tangu Julai 2019, usimamizi wa usalama wa chakula ulipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, mlango huo wa chakula uko mbele ya Shirika la Viwango Tanzania.

Ninachodai ni mambo matatu. La kwanza, mwezi uandikwe kwa herufi na mwaka kwa tarakimu nne. Na kwa mzigo uliokwisha kutengenezwa, mwagizaji abandike chini ya usimamizi wa mkaguzi stika inayotaja mpangilio wa tarehe, bila kuifunika chapa ya kiwanda. La pili, mkaguzi anapojaza fomu anakili chapa yote kama ilivyo, nafasi na mikwaju ikiwemo, kisha aandike tafsiri yake katika safu nyingine. Leo mkaguzi akisoma 05/11/25 na kujaza 11 Mei 2025, karatasi inabeba hukumu bila ushahidi, na mwenye duka hana pa kukatia rufaa. La tatu, bidhaa isiteketezwe kwa tarehe yenye masomo mawili mpaka mwagizaji aulizwe kwa maandishi namna namba yake ya toleo inavyosomwa. Swali hilo linaingia katika barua ya mistari mitatu, na mwagizaji atakayeshindwa kulijibu amekwisha kutuambia mengi kuhusu mzigo wake.

Hayo yakitimizwa, wakubwa wetu watakuwa na haki ya kutuambia tusome lebo. Kwa sasa wanatutuma kusoma kitu ambacho wao wenyewe hawajakubali kukiandika kisomeke.